PDF haifunguki, inatoa karatasi nyeupe au herufi zimegeuka viboksi: anza hivi

Hapa Lamu karibu na Maulidi saiba hujaa watu wenye flashi na simu, kila mtu ana kitabu cha kasida au ratiba anataka kuprinti, na nusu ya hizo PDF zina kasoro. Wengi hukimbilia kuilaumu printa. Usiiguse kwanza, angalia faili.

Hatua ya 1: haifunguki kabisa

Ifungue kwa Notepad, ndio Notepad ya kawaida, utaona takataka nyingi lakini wewe unatafuta vitu viwili tu. Mwanzoni kabisa lazima kuwe na `%PDF-` na namba kama 1.4 au 1.7, na mwisho kabisa kuwe na `%%EOF`. Ukikuta mwanzoni imeandikwa `<!DOCTYPE html>` basi hiyo si PDF, ni ukurasa wa mtandao uliojibandika jina la PDF, mara nyingi ule wa kukwambia uingie kwanza kwa paswedi, kwa hiyo rudi ukapakue upya na hakuna dawa nyingine. Funga bila kusevu, maana Notepad ikisevu itaharibu hata kilichokuwa kizima.

Kama mwanzo uko sawa lakini `%%EOF` haipo, faili ilikatika njiani, bando liliisha au netiweki ilipotea kule majini. Orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi huwekwa mwishoni mwa faili, kwa hiyo ukikatika mkia ni kama kitabu kilichochanwa faharasa. Mwambie aliyekutumia akusomee ukubwa wa faili kwake, kama kwake ni MB 6 na kwako ni 2, atume tena. Hawezi? Jaribu programu ya qpdf, ni ya bure, huijenga upya hiyo orodha, amri yake unaiandika kwenye Command Prompt:

```
qpdf mbovu.pdf mpya.pdf
```

Kurasa ambazo hazikufika hazitarudi, na mara nyingine hata zilizofika hazitoki.

Hatua ya 2: fonti, hapa ndipo penye kazi

Juzi bwana mmoja kutoka Matondoni kaleta kijitabu cha kasida, Kiswahili kinasomeka vizuri ila Kiarabu chote viboksi, na sehemu nyingine peupe kabisa, na anaapa kwenye kompyuta ya mwanawe kiko sawa. Namuamini! Kompyuta ya mwanawe ina ile fonti, yangu haina, na PDF yenyewe haikuibeba. Kwenye Adobe Reader ingia `File`, `Properties`, `Fonts`, kila fonti iliyobebwa ina maneno `Embedded` au `Embedded Subset` ubavuni. Mimi hutumia amri ya pdffonts, iko ndani ya Poppler, furushi la zana za PDF:

```
pdffonts kasida.pdf
```

Angalia safu ya `emb`. Fonti ya Kiarabu ilikuwa `no`, yaani haikubebwa, na safu ya `encoding` imeandikwa `Identity-H`. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi. Fonti ya kizungu ya kawaida ikikosekana programu ya kusomea huweka nyingine inayofanana, mistari itasogea kidogo lakini utasoma. Kwa Identity-H faili haisemi "hii ni alif", inasema "chora umbo namba fulani la fonti ile", sasa ukiweka fonti nyingine namba ileile inaweza kuwa umbo jingine kabisa, na kwenye kasida au aya hilo si jambo la kubahatisha. Kwa hiyo ukiona hivyo usihangaike kuirekebisha PDF, omba faili ya Word kule ilikotengenezwa.

Na iseviwe upya kwenye kompyuta ileile yenye fonti: `Save As`, chagua PDF, bonyeza `Options`, weka tiki `PDF/A compliant`, ambayo hulazimisha fonti zibebwe. Kuna fonti ambazo aliyezitengeneza kazuia zisibebwe, kwa hizo tiki ni `Bitmap text when fonts may not be embedded`, maandishi yatakuwa picha, hayatafutiki tena lakini yataprintika. Ya yule bwana mwanawe aliituma tena kwa wasap, kama dokumenti, pdffonts ikaonyesha `yes` na jina la fonti limeanza na herufi sita na alama ya kujumlisha, maana yake zimebebwa zile herufi zilizotumika tu.

Hatua ya 3: kwenye skrini iko safi, karatasi inatoka nyeupe

Hapa sasa ndio printa inashindwa kuelewa, hasa zile za zamani zenye memori ndogo. Kwenye Adobe Reader ukibonyeza `Print` nenda `Advanced`, weka tiki `Print As Image`, kompyuta itachora ukurasa yenyewe halafu printa ipokee picha tu. Itachukua muda, subiri. Lakini dawa hii ni ya faili inayoonekana vizuri kwenye skrini hiyohiyo unayoprintia, kama skrini yako ina viboksi utaprinti picha ya viboksi, rudi hatua ya 2.

Toa ukurasa mmoja kwanza, ule wenye Kiarabu kingi, mpe mwenyewe asome kabla hujaachia nakala zote.