Grey au gray, ageing au aging

Yote ni sahihi. Waingereza huandika grey na ageing, Wamarekani gray na aging. Shuleni kwetu tumefundishwa Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kipeperushi cha Kiingereza, tuseme cha korosho za Mtwara, kikianza na grey, kiendelee na ageing. Kosa ni kuchanganya.

Ukisahihisha kwa Ctrl+H kwenye Word, bonyeza kwanza More, kisha weka tiki kwenye Find whole words only. Bila tiki hiyo, ukibadili aging kuwa ageing, packaging nayo inageuka packageing, na kipeperushi cha korosho kimejaa packaging! Managing pia haisalimiki. Gray ya kipimo cha mionzi usiiguse: imetokana na jina la mtu, Louis Harold Gray.