"Alikuwa mzembe" si ripoti: andika mashine ilikuwa katika hali gani

"Mfanyakazi aliumia mkono wakati wa kupukuchua mahindi kutokana na uzembe wake." Hiyo ndiyo ripoti nzima niliyokabidhiwa na msimamizi mmoja wa shamba hapa Mbozi, tena siku ya 9 baada ya tukio. Mashine ilikuwa imeshahamia shamba jingine, na vibarua walioshuhudia wamelipwa na kutawanyika.

Nilirudi naye uwanjani tukaulizia upya. Saa 10 jioni magunzi yalikwama. Dereva wa trekta alipunguza mafuta, hakuzima injini. Kijana akainama kuyavuta, na mkono wa shati lake ukanaswa na shafti iliyounganisha trekta na mashine. Kifuniko cha shafti kilifunguliwa asubuhi ili ipakwe grisi, kikaachwa pembeni juu ya magunia. Tulikikuta palepale, kina vumbi la pumba. Hilo la kifuniko halikuandikwa popote! Msimamizi, neno "uzembe" limekificha, na mashine ingeendelea kuzunguka hivyohivyo mwaka kesho.

Shafti hiyo kwa kasi yake ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ikiwa na unene wa sentimita 7, huvuta nguo karibu mita 2 kila sekunde. Punguza kasi hadi nusu, bado ni mita 1 kwa sekunde, na hakuna binadamu anayewahi kuchomoa mkono. Kwa hiyo usiandike tu "mashine ilikuwa inafanya kazi". Andika injini ilikuwa imezimwa, imepunguzwa mafuta au iko kwenye kasi ya kazi, na nani aliamua hivyo.

Majeruhi akishapelekwa hospitali, usiruhusu mashine isogezwe. Piga picha. Chukua futi kamba upime sehemu ya shafti iliyokuwa wazi, na umbali kutoka hapo hadi aliposimama aliyeumia. Kwa kijana huyu ulikuwa sentimita 40. Mhoji kila shahidi peke yake, maana wakikaa pamoja hadithi huwa moja. Yote hayo yaishe siku ileile kabla giza halijaingia.

Mwajiri wa Tanzania ana siku 7 za kuuarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Siku ya 9 ndiyo unaanza kutafuta kalamu? Na fidia hiyo haitolewi kwa kuthibitisha kosa la mwajiri, hivyo kumbebesha kijana lawama hakukulindi.

Ripoti imekamilika pale asiyekuwepo anapoweza kuisoma na kuonyesha aliposimama kila mtu.

Magunzi yakikwama tena, dereva azime injini, achomoe ufunguo na amkabidhi yule anayeingiza mkono aushike mwenyewe. Asiguse kitu hadi shafti iwe imesimama kabisa.