Slaidi za maoni ya wateja zinazoaminika: mfano wa fundi samani

Tuchukue karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Maoni ya wateja yamejaa WhatsApp, na mengi ni "kazi nzuri, Mungu awabariki". Ni dua njema, ila hazimsaidii mtu anayetaka kutuma malipo ya awali kwa fundi asiyemjua.

1. Anza na wasiwasi wa mnunuzi. Pitia meseji za wanaouliza bei, uone wanachohofia. Kwa samani mara nyingi ni mambo matatu: je, mbao ni mninga kweli? Mzigo utafika siku mliyokubaliana? Ukiwa na kasoro, fundi atapokea simu? Chagua maoni yanayojibu hayo; maoni ya kila mteja yawe kadi moja ya slaidi kwenye tovuti, na kadi nne hadi sita zinatosha. Kisha ficha jina la biashara na usome kila kadi: kama ingeweza kukaa kwenye tovuti ya saluni, iondoe.

2. Punguza, usiandike upya. Tuseme mteja ameandika hivi:

"Nimefurahi sana jamani asanteni sana, kitanda kimefika Jumamosi kama mlivyosema ila mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, fundi akaja kesho yake akaurekebisha, mbarikiwe."

Kadi ibaki hivi: "… kitanda kimefika Jumamosi kama mlivyosema ila mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, fundi akaja kesho yake akaurekebisha …"

Mwenye karakana atakuomba ufute habari ya mguu. Mkatalie. Ukiifuta, fundi kurudi kesho yake nako kunapotea, na hilo ndilo jibu la hofu ya tatu. Nukta tatu zinaonyesha ulipokata. Usisanifishe lugha ya mteja; kadi sita zenye sauti moja zinanuka uongo.

3. Maoni matupu yaulizie. Mwandikie mteja: "Kabla hujaagiza, ulikuwa na wasiwasi gani?" Hapo hapo omba ruhusa ya kutumia maneno yake, jina la kwanza na mtaa. Chini ya nukuu weka hayo pamoja na alichonunua na mwezi. Asiyetaka jina litajwe, andika tu "mteja, Tabata". Picha ya mtu ya kupakua mtandaoni usiweke kabisa. Afadhali picha ya kitanda chenyewe kikiwa chumbani kwake, akiridhia.

4. Jenga slaidi. Huhitaji programu-jalizi. Weka kila kadi ndani ya `<figure>`, na zote ndani ya `<div class="maoni">`, kisha tumia CSS hii:

```css
.maoni { display: flex; gap: 1rem; overflow-x: auto;
  scroll-snap-type: x mandatory; }
.maoni figure { flex: 0 0 85%; margin: 0;
  scroll-snap-align: start; }
```

Ile `85%` inaacha ukingo wa kadi inayofuata uonekane, hivyo msomaji anajua kuna nyingine bila mishale. Ongeza `tabindex="0"` kwenye `.maoni` ili anayetumia kibodi naye aweze kusogeza. Zisijizungushe zenyewe: msomaji wa polepole hukatwa katikati ya sentensi.

Kadi ya kwanza ijibu hofu inayoulizwa zaidi, maana wengi hawafiki ya tatu. Karakana ikiacha kutumia mninga, kadi inayousifu mninga iondoke siku hiyo hiyo.