Kujadili mkataba wa fremu kabla hujasaini

Mtu akipata fremu nzuri barabarani, swali lake la kwanza ni kodi. Mimi huanza na muda, kwa sababu muda ndio unaoamua kama kodi hiyo ni nafuu au la. Nitatumia mfano mmoja: fremu ya duka la vipodozi Sinza, Dar es Salaam, kodi shilingi 400,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima mkononi na mkataba wa mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya matengenezo. Vigae, rafu za vioo, taa, rangi na bango vimefika 3,600,000. Ukitolewa baada ya miezi 12, matengenezo hayo yamekugharimu 300,000 kila mwezi, kwa hiyo fremu ya laki nne kumbe ni ya laki saba. Ukikaa miaka mitatu inashuka hadi 100,000 kwa mwezi. Nenda na hesabu hiyo mezani. Mwenye nyumba anaelewa haraka kwamba mtu anayeweka vigae kwenye jengo lake hawezi kukubali mwaka mmoja.

Hatua ya 2: Omba miaka mitatu, ulipe kwa vipande. Watu wengi huchanganya muda wa mkataba na muda wa malipo. Unaweza kuwa na mkataba wa miaka mitatu huku ukilipa kila miezi sita. Kama anang'ang'ania kodi ya mwaka, mpe mwaka wa kwanza tu, naye akupe miaka mitatu. Hela ya mkupuo ndiyo silaha yako, usiitoe bure.

Hapo hapo uliza jengo ni la nani hasa. Nyumba nyingi za mjini ni za urithi. Anayekusanya kodi ni mtoto mmoja, na wenzake hawajui lolote. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, anayesaini awe msimamizi wa mirathi, na akuonyeshe barua ya mahakama ya kumteua. Ongeza pia sentensi kwamba jengo likiuzwa, mnunuzi ataheshimu mkataba wako.

Hatua ya 3: Andika ongezeko kwa shilingi. Maneno "kodi itapanda kulingana na soko" yafutwe, kwa kuwa soko hilo atalitaja yeye. Hata asilimia huleta ubishi: ni asilimia ya kodi ya mwanzo au ya mwaka jana? Kwa duka letu tuliandika hivi: mwaka wa kwanza na wa pili 400,000 kwa mwezi, wa tatu 440,000. Basi.

Katika kipengele hicho hicho, malizeni suala la kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya fremu na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akisema "mimi nataka yangu kamili", ujue anakuhamishia mzigo wake: ili apate 400,000 safi, kodi halisi inakuwa kama 444,000.

Hatua ya 4: Tenganisha amana na kilemba. Kilemba ni hela ya kuachiwa fremu: hakirudi, na mara nyingi anayekidai ni mpangaji anayeondoka. Amana inarudi, lakini irudi lini? Mwezi mmoja unatosha kwa fremu ya kawaida. Andikeni kwamba itarudishwa ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi funguo, na kwamba kitakachokatwa ni deni la umeme, maji au uharibifu uliothibitishwa. Piga picha za kuta, sakafu na geti la chuma siku ya kupokea, mbele ya mwenye nyumba. Bila picha, nyufa za zamani zitakuwa zako.

Hatua ya 5: Gawaneni matengenezo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mwenye jengo jukumu la paa, kuta kuu za nje na mitaro mikuu pale unapopanga sehemu tu ya jengo. Hata hivyo yaandikeni kwa majina: bati linalovuja, ukuta na bomba kuu ni lake, kitasa, taa, rangi ya ndani na sinki ni vyako. Kisha weka kipengele ambacho wengi husahau: asipotengeneza ndani ya siku 14 tangu apewe taarifa ya maandishi, utatengeneza wewe na kukata kwenye kodi inayofuata, kwa risiti. Ujumbe wa WhatsApp utajwe kuwa ni taarifa halali. Nendeni fremuni siku ya mvua ikiwezekana. Kiangazi kila bati ni zima. Hakikisha pia mita ya LUKU ni yako peke yako.

Hatua ya 6: Saini, kisha lipia ushuru wa stempu. Ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani 48,000 kwa mfano wetu. Mkataba usiolipiwa stempu mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi. Hela ya kodi ipite benki au kwenye simu, kwa jina lile lile lililosaini. Dalali mlipe chake pembeni.