Jedwali la gharama ya bidhaa zilizotengenezwa: sabuni iliyo kwenye chanja ihesabiwe wapi?

Nitatumia hesabu za mwezi mmoja za kiwanda kidogo cha sabuni za mche. Tarakimu ni za mfano, ila mpangilio ndio ninaoutumia kazini. Kabla ya kugusa kikokotoo, uwe na masalio sita: malighafi, bidhaa ambazo hazijakamilika na bidhaa zilizokamilika, kila moja salio la mwanzo na la mwisho wa mwezi.

Hatua ya 1: Malighafi iliyotumika

Wengi huchukua manunuzi yote ya mwezi na kuyaita gharama. Mawese yaliyobaki kwenye mapipa hayajawa sabuni, kwa hiyo hayahusiki. Anza na salio la mwanzo, 4,200,000. Ongeza manunuzi 19,000,000 na nauli ya kuyaleta kiwandani 600,000, kisha toa kostiki iliyorudishwa kwa muuzaji, 300,000. Unapata 23,500,000 ya malighafi iliyokuwepo. Toa iliyokutwa stoo siku ya mwisho, 3,800,000. Iliyotumika ni 19,700,000.

Hatua ya 2: Ujira na gharama za ziada za kiwanda

Wachanganyaji na wakataji wamelipwa 5,300,000. Kodi ya jengo la kiwanda, umeme, mshahara wa msimamizi, uchakavu wa mashine na glovu vinafika 3,400,000. Kamisheni ya muuzaji na mafuta ya gari linalopeleka mzigo kwa wateja visiingie hapa. Hizo ni gharama za mauzo. Jengo likiwa na ofisi ndani yake, gawa kodi kwa eneo, kila upande ubebe sehemu yake.

Jumla ya gharama za uzalishaji za mwezi: 19,700,000 + 5,300,000 + 3,400,000 = 28,400,000.

Hatua ya 3: Kilicho kwenye chanja

Hapa ndipo jedwali huharibika. Mwezi wa kwanza nilipofanya kazi hii, hesabu ya bidhaa zilizokamilika ilinijia kubwa kupita kiasi. Nikamwuliza mtunza stoo, akanijibu bila wasiwasi: "Kaka, za kwenye chanja nimeziweka pamoja na za kwenye boksi, si zote sabuni?" Nami nilikuwa nimeshazihesabu za chanja peke yangu. Mzigo mmoja ukahesabiwa mara mbili. Tangu hapo tumekubaliana: mche ambao haujapigwa muhuri na kuingia boksi ni wa chanja, hata ukiwa mkavu.

Mwisho wa mwezi chanja zilikuwa na miche 2,000, na miche 19,000 ilikuwa imekwenda stoo ya bidhaa zilizokamilika. Malighafi yote ya miche ya chanja imeshaingia, ila kazi imefika nusu: bado kukauka, kupiga muhuri na kufunga. Kwa upande wa kazi, basi, miche hiyo 2,000 ni sawa na miche 1,000 kamili.

Salio la mwanzo la bidhaa ambazo hazijakamilika lilikuwa 1,600,000, yaani malighafi 1,300,000, na kazi, ambayo ni ujira pamoja na gharama za ziada, 300,000. Ukilijumlisha na gharama za mwezi:

- Malighafi: 21,000,000 ÷ miche 21,000 = shilingi 1,000
- Ujira na gharama za ziada: 9,000,000 ÷ miche 20,000 = shilingi 450

Za chanja zina thamani ya 2,000 × 1,000, jumlisha 1,000 × 450, sawa na 2,450,000. Usikadirie kwa macho. Ukizipa bei ya mche kamili, 1,450, unapata 2,900,000, na gharama ya mwezi inapungua kwa 450,000 bila sababu.

Hatua ya 4: Jedwali lenyewe

| | Sh. |
|---|---:|
| Malighafi iliyotumika | 19,700,000 |
| Ujira wa moja kwa moja | 5,300,000 |
| Gharama za ziada za kiwanda | 3,400,000 |
| Gharama za uzalishaji za mwezi | 28,400,000 |
| Ongeza: zisizokamilika, mwanzo | 1,600,000 |
| Toa: zisizokamilika, mwisho | (2,450,000) |
| Gharama ya bidhaa zilizotengenezwa | 27,550,000 |

Gawa kwa miche 19,000: ni 1,450 kwa mche, sawasawa na 1,000 + 450. Isipolingana, rudi hatua ya 3. Na kama umepishana kwa 1,700,000 kamili, umegeuza alama: umetoa salio la mwanzo na kuongeza la mwisho. Kosa hilo siku zote ni mara mbili ya tofauti ya masalio hayo mawili, na hapa tofauti ni 850,000.

Hatua ya 5: Bidhaa zilizokamilika

Salio la bidhaa zilizokamilika haliingii kwenye jedwali la juu. Linakuja baadaye, unapotafuta gharama ya zilizouzwa. Chukua 27,550,000, ongeza salio la mwanzo 3,000,000, toa miche 3,000 iliyobaki kwenye boksi kwa 1,450, yaani 4,350,000. Zilizouzwa zimegharimu 26,200,000, na tarakimu hiyo ndiyo inayokwenda kwenye taarifa ya mapato.