Wategemezi, bima na riba ya nyumba: kila kimoja kinaingia wapi kwenye ritani ya iTax

Mwaka juzi nilijaza ritani yangu usiku, nikabonyeza kila swali la ukurasa wa kwanza "No" ili nimalize haraka. Nilipofika mwisho fomu ikanidai zaidi ya laki moja, na mwajiri alikuwa amenikata kodi kila mwezi bila kukosa. Somo hili ni la kukuepusha na jasho lile. Linahusu fomu ya mkazi (IT1) kwa mapato ya 2025.

Kwanza tutenganishe mambo. Riba ya mkopo wa nyumba hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Bima hupunguza kodi yenyewe, kodi ikishapigiwa hesabu. Wategemezi hawana nafuu yao hapa Kenya: uwe na watoto sita au usiwe na hata mmoja, nafuu yako binafsi ni ileile shilingi 28,800 kwa mwaka. Mke, mume na mtoto wanaingia kwa mlango mmoja tu, ule wa bima.

Hatua ya 1. Weka mezani P9, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima, pamoja na cheti cha bima na cheti cha riba kutoka kwa aliyekukopesha. Cheti cha riba kisome vizuri. Unachotafuta ni riba uliyolipa ndani ya mwaka, si jumla ya marejesho.

Hatua ya 2. Ukurasa A unakuuliza kama una mkopo wa nyumba na kama una bima. Jibu "Yes" panapokuhusu. Ukijibu "No", kurasa za J na L hazitafunguka, na hapo ndipo wengi tunaponaswa.

Hatua ya 3. Ukurasa J ni wa mkopo wa nyumba. Jaza PIN ya mkopeshaji, namba ya akaunti, deni lililobaki na riba uliyolipa. Kikomo ni 360,000 kwa mwaka, na ni kwa nyumba moja unayoishi mwenyewe.

Hatua ya 4. Ukurasa L ni wa bima: ya maisha, ya afya au ya elimu. Ya elimu iwe ya miaka 10 au zaidi. Kila bima ina mstari wake, na kuna safu ya kuonyesha bima ni ya nani: yako, ya mwenzi wako au ya mtoto. Hapo ndipo mtegemezi anapotajwa. Nafuu ni asilimia 15 ya ada uliyolipa, isizidi 60,000 kwa mwaka.

Hatua ya 5. Ukurasa T ndio wa hesabu. Hakikisha 28,800 ipo, riba imeshuka kutoka J na nafuu ya bima kutoka L, kisha bonyeza "Validate".

Tuchukue mfano. Mtu ana mapato ya 1,440,000 yanayotozwa kodi kabla ya kuondoa riba. Amelipa riba 410,000 na bima ya maisha 48,000. Kwenye riba inahesabiwa 360,000 tu. Kwa kuwa yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, anaokoa 108,000. Bima inampa asilimia 15 ya 48,000, yaani 7,200. Mwajiri wake alishazingatia yote mawili kwenye mshahara. Sasa akiruka J, T itamdai 108,000. Akiruka L, itamdai 7,200. Akiruka zote, 115,200. Kwa hiyo ukidaiwa usikimbilie kulipa: linganisha deni na asilimia 30 ya riba yako, halafu na asilimia 15 ya ada ya bima. Deni lenyewe litakuonyesha ukurasa uliosahau.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nawalipia wazazi wangu bima ya afya. Naiweka L?*
Hapana, ndugu yangu. Sheria inataja wewe, mwenzi wako na mtoto. Najua inauma, maana kwetu mzazi ndiye mtegemezi wa kwanza.

*Na makato ya SHIF?*
Usiyaweke L. Tangu mwisho wa Desemba 2024 yanaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Angalia P9, utayaona upande wa makato.

*Nyumba niliyokopea nimeipangisha, mimi naishi kwingine. J inanihusu?*
Haikuhusu, dada. J ni ya nyumba unayolala wewe.

*Mwajiri wangu hakuwahi kuzingatia bima yangu. Nimepoteza?*
Hujapoteza. Jaza L kama kawaida, na T itaonyesha kwamba umelipa zaidi. Hapo unaomba kurejeshewa kupitia iTax, ila tunza vyeti vyote, kwa sababu utaviambatisha.

*Nilivunja bima ya elimu mwaka wa nne. Kuna shida?*
Ipo. Nafuu uliyokwisha kupewa hukatwa kwenye pesa unazorudishiwa na kampuni, ikapelekwa KRA. Ukiona malipo ni madogo kuliko ulivyotarajia, waulize kwanza hilo.