Kabla ya kutangaza kodi kwa releve ya banki: tenga mauzo na feza ya nyumbani

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaojitegemea, mafundi cherehani wa Katuba, wachomeleaji wa Kampemba, wauzaji wa soko la Kenya, hawana mhasibu. Muda wa kutangaza mauzo ya mwaka ukifika, wanashika releve ya banki, wanajumlisha feza yote iliyoingia, wanaandika jumla hiyo. Hapo ndipo wanajiumiza, kwa sababu releve inaonyesha feza iliyopita katika konti. Haionyeshi mauzo.

Kwa biashara ndogo kosa hilo lina bei. Sheria namba 13/006 ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka kodi ya biashara zenye mauzo kati ya franka milioni 10 na milioni 80 kwa mwaka juu ya mauzo yenyewe: asilimia 1 kwa anayeuza bidhaa, asilimia 2 kwa anayetoa huduma. Faida haiangaliwi. Kwa hiyo deni ulilokopa, ukilihesabu kama mauzo, unalilipia kodi. Tena jumla iliyovimba inaweza kukuvusha milioni 80 kwenye karatasi, na huko unaanza kuulizwa TVA ya asilimia 16 ambayo hukuwatoza wateja wako. Asilimia ya mwaka unaoutangaza uiulize kwenye santa ya kodi inayokushughulikia. Kazi ya kutenga feza ni yako mwenyewe, na inafanywa kabla ya kufika pale.

Kwanza omba releve ya mwaka mzima, tarehe 1 Januari mpaka 31 Desemba, yenye muhuri wa banki, kwa kila konti uliyo nayo: ya dola na ya franka. Omba pia ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kama wateja wanakulipa huko. Usitegemee SMS. Simu ikipotea, ushahidi umepotea nayo. Ukizipata, angalia kwamba baki ya mwisho wa kila ukurasa ndiyo inayoanza ukurasa unaofuata. Ikitofautiana, kuna ukurasa umekosekana, na mtu wa DGI, ofisi ya kodi, atauona upungufu huo haraka kuliko wewe.

Kisha chukua kalamu ya rangi, uache kabisa upande wa feza iliyotoka, upite mstari kwa mstari kwenye feza iliyoingia. Kila mstari uulize: nani alileta, kwa sababu gani, na karatasi gani inathibitisha?

Tuchukue mwezi mmoja wa mama mshonaji wa Katuba. Anashona sare za kwaya na za shule, na ana konti moja tu ya dola kwa kila kitu. Mwezi wa Novemba konti hiyo ilipokea dola 2.770, kwa mistari sita.

Dola 600 kutoka kwa kwaya ya parokia na dola 700 kutoka kwa shule: ni mauzo, fakture zipo. Kwa ile ya shule alitaka kutoa dola 350 alizonunulia vitambaa. Haiwezekani. Fakture aliyotoa ni ya 700, vitambaa alinunua yeye kwa jina lake, basi mauzo ni 700. Hapa wengi wanashindana na mimi sana, nami naelewa uchungu wao, lakini kodi iliyowekwa juu ya mauzo haipunguzwi na bei ya kitambaa.

Dola 500: zamu yake ya likelemba. Wako watu 10, kila mmoja anatoa 50 kwa mwezi. Ni feza yake mwenyewe inayomrudia, si mauzo. Lakini banki haijui likelemba. Inaandika tu kwamba feza imeingia. Kwa hiyo anahitaji orodha ya wanachama yenye tarehe za zamu na sahihi, aliyoibandika nyuma ya releve.

Dola 120: kaka yake wa Kolwezi alituma kwa ajili ya matibabu ya mama yao. Ni ya nyumbani. Ujumbe wa kaka unaochapishwa unatosha kuanzia.

Dola 400: alitoa kwenye M-Pesa yake akaweka banki. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Feza hiyo imehama tu, kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Ikihesabiwa banki kama mauzo na tena ikahesabiwa M-Pesa wakati mteja alipolipa, umejitoza mara mbili. Mauzo unayahesabu pale mteja alipolipa. Huku banki unaandika pembeni "kuhama" na tarehe ya upande wa pili.

Mstari wa mwisho, dola 450, ndio mgumu. Aliweka mwenyewe, na kwenye bordero, sehemu ya motifu, karani aliandika neno moja tu: "versement". Ndani yake mlikuwa na dola 300 za mauzo ya juma na dola 150 ambazo yaya yake alikuwa amekopa na sasa amerudisha. Daftari la mauzo ndilo lililomwokoa, maana mauzo ya juma lile yalijumlishwa hapo. Bila daftari, dola 450 zote zingebaki bila maelezo, na feza isiyo na maelezo mkaguzi anaiona kuwa mauzo.

Basi mauzo yaliyopita banki ni 600, 700 na 300, yaani dola 1.600. Lakini asisimame hapo, kwa sababu releve inaficha pia. Kwenye M-Pesa wateja walimlipa 380. Na daftari linaonyesha dola 210 za malipo ya mkononi ambazo hazikufika banki hata siku moja: alipokea asubuhi, akanunua uzi na unga mchana. Hizo pia ni mauzo. Mauzo ya Novemba ni dola 2.190. Si 2.770, wala si 1.600.

Angalia kitu kimoja kidogo kwenye simu: mteja akilipa 50 na wewe ukatoa 49 kwa sababu ya gharama, mauzo ni 50. Anza na kiasi alicholipa mteja.

Tangazo linaandikwa kwa franka. Kwa kila mstari wa dola andika kiwango cha siku ile pembeni, wakati bado unakipata. Kukitafuta kwa miezi 12 nyuma ni mateso.

Usifute wala kuficha mistari ya nyumbani. Sheria ya taratibu za kodi, namba 004/2003, inampa DGI haki ya kuomba habari kwa banki moja kwa moja, kwa hiyo releve yako anaweza kuipata nzima. Akikuta mistari ya feza nyingi ambayo hukuitaja na huna daftari, anaweza kukadiria mwenyewe, na makadirio hayo ndiyo utakayolazimika kuyapinga.

Kwa mwaka unaofuata, fungua konti ya pili ya nyumbani, likelemba na kaka wa Kolwezi wapitie huko. Kama bado una moja tu, weka mara mbili kwa bordero mbili badala ya kuchanganya, na mwambie karani aandike motifu kamili: "mauzo ya juma, daftari ukurasa 31". Releve, fakture, bordero na daftari vikae katika farde moja kwa miaka 10, muda ambao sheria ya OHADA inadai kwa karatasi za hesabu.